Miaka 54, kilo 92, kisigino kinakaza asubuhi: nikimbie na kutembea kwa uwiano gani?

MzeeWaTabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 54, kilo 92, urefu sentimita 172, kazi yangu ni ya mezani. Presha nimepima juzi, 138 kwa 86, daktari hakuniandikia dawa, amesema nifanye mazoezi. Kutembea nusu saa mara tatu kwa wiki hakunipi shida yoyote.

Nimeweka kwenye simu ile programu ya Couch to 5K. Wiki ya kwanza inataka nikimbie sekunde 60, nitembee sekunde 90, jumla dakika 20, mara tatu kwa wiki. Pumzi inatosha. Shida iko miguuni. Kesho yake asubuhi kisigino cha kushoto kwa nyuma kinakuwa kimekaza, nachechemea mpaka nimalize kuoga ndipo kinalegea. Magoti nayo yananiuma kidogo nikishuka ngazi za ofisini. Nimechungulia mbele nikaona wiki ya tano, siku ya tatu, wanataka dakika 20 mfululizo bila kutembea. Hapo ndipo nilipoogopa.

Naomba ushauri: niache, niendelee hivihivi au nibadilishe uwiano? Na kwa umri huu nipumzike siku ngapi katikati? Medali sitafuti, nataka kufika kilomita 5 magoti yakiwa salama.

Duma_wa_Kigamboni

Hiyo ni kawaida mkuu, mwili unazoea. Hamia ufukweni, mchanga laini hauna kishindo, magoti yatapona yenyewe. Vua raba, tua kwa vidole. Halafu hesabu hatua zako, zifike 180 kwa dakika kama mabingwa. Na punguza huko kutembeatembea, kunapoza mwili, ndiyo maana unakaza.

Sista_Makole

Kama shida ni kitambi, hizi za kuchanganya zinafanya kazi haraka. Sekunde 20 unatoka mbio zote, sekunde 10 unapumzika, mara nane. Dakika nne umemaliza, unaenda kazini.

Fundi_Viungo

Sista, mzee hajauliza habari ya kitambi, na mbio za kufyatuka kwa mtu ambaye kano ya kisigino inakaza kila asubuhi ni njia fupi ya kuichana. Anachouliza ni mchakamchaka wa polepole unaokatwakatwa na kutembea. Ni mambo mawili tofauti.

Duma, una nusu ya ukweli. Mchanga laini unapunguza kishindo gotini, kweli. Lakini kisigino kinazama chini kuliko vidole, kwa hiyo kila hatua kano ya kisigino inavutwa zaidi na shavu la mguu linafanya kazi zaidi. Kutua kwa vidole ni vilevile: mzigo unaondoka gotini na kwenda kukaa kwenye shavu na kano. Kwa mtu mwenye goti baya na kano nzima ningekuelewa. Huyu umempeleka palepale panapomuuma.

Shikamoo mzee. Usiache, ila usiendelee hivyo. Nitaeleza kwanza kwa nini pumzi inasema ndiyo na kisigino kinasema hapana, kwa sababu ukielewa hilo utaweza kujipangia mwenyewe hata bila programu.

Moyo na mapafu huanza kuzoea ndani ya wiki chache. Misuli inafuata. Kano inahitaji miezi, na kwenye miaka ya hamsini haiharakishwi. Baada ya kuibebesha mzigo, siku ya kwanza hadi siku moja na nusu kano inabomoa zaidi ya inavyojenga, kisha ndipo ujenzi unazidi. Ukirudi kuikanyaga kabla ya hapo, unaongeza ubomoaji juu ya ubomoaji. Programu ile inapanda kwa kufuata pumzi, wala haijui kisigino chako kimeamkaje.

Sasa tupige hesabu. Sekunde 60 kwa 90 ndani ya dakika 20 ni mikimbio 8, yaani dakika 8 za kukimbia. Tuseme unapiga hatua 150 kwa dakika: hizo ni hatua 1,200, mguu mmoja 600. Kila hatua ya kukimbia inarudisha juu ya mguu mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako, wakati kutembea ni zaidi kidogo tu ya uzito wenyewe. Ile siku ya dakika 20 mfululizo ni hatua 3,000, mguu mmoja 1,500, tena bila pengo. Kutoka 600 hadi 1,500 kwa muda wa mwezi mmoja na kidogo, kwa kilo 92. Kijana wa miaka 25 mwenye kilo 65 anapita. Wewe ungefika siku hiyo ukiwa na pumzi nzuri na mguu mbovu.

Kwa hiyo anza na sekunde 30 kukimbia, 90 kutembea, mara 10. Ni dakika 20 zilezile, ila kukimbia ni dakika 5, hatua kama 375 kwa mguu. Kabla yake tembea dakika 10, tano za mwisho kwa kasi. Baada yake tembea dakika 5. Fanya hivyo Jumanne na Jumamosi. Alhamisi tembea tu nusu saa yako ya kawaida. Siku mbili za kukimbia kwa wiki zinatosha kwa mwezi wa kwanza, hata kama moyo unakuambia tatu.

MzeeWaTabata

Marahaba kijana wangu. Nimekuelewa kwenye hesabu. Lakini sekunde 30 si kama mchezo? Nikianza tu, kengele inalia.

Kocha_wa_Karura

Mzee, ukiiona kama mchezo hapo ndipo pazuri. Mimi nafundisha kikundi cha wazee hapa Nairobi na kosa la kwanza kwa karibu kila mtu ni kungoja achoke ndipo atembee. Mtu aliyechoka anaanza kuburuta miguu, nyonga inashuka upande mmoja, goti linaingia ndani, kisigino kinapiga chini kwa nguvu. Zile hatua hamsini za mwisho ndizo zinazoumiza. Unatembea mapema ili zisitokee kabisa. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, alijenga mfumo wake wote juu ya jambo hilo: mapumziko ya kutembea yanaanza tangu dakika za mwanzo, mguu ukiwa bado mzima.

Kasi ni jambo la pili. Sekunde 30 zikiwa fupi, watu wanazijaza kwa mbio. Kwa mzee wa umri huu na uzito huu, kilomita moja kwa dakika 8 inatosha, na dakika 9 si aibu. Kipimo ni mazungumzo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Ukiweza maneno matatu tu, uko kasi. Na kule kutembea usitembee kama uko dukani unachagua vitu, tembea kama unawahi basi. Ukilegea kabisa, kila mkimbio unakuwa kama kuanza upya na shavu la mguu linashtuka.

Hiyo ya 180 iache, Duma. Hizo ni hatua za watu wanaokimbia kasi kwenye mashindano. Mzee ahesabu mguu wa kulia ukigusa chini kwa sekunde 30, azidishe kwa nne. Akipata 37, ni hatua 148. Aongeze asilimia 5 tu, yaani mguu wa kulia uguse mara 39, jumla 156, kasi ikiwa ileile. Hatua inakuwa fupi, unyayo unatua karibu na chini ya mwili badala ya mbele yake, na goti linapumua. Ukimlazimisha 180 kwa mwendo wa polepole atarukaruka kwa vidole, na hapo tumerudi kwenye kano.

Duma_wa_Kigamboni

Sawa kocha, nakubali ya hatua. Lakini ukweli usemwe, kukimbia kunamaliza magoti. Gegedu ikishalika hairudi. Mzee wa miaka 54 angeogelea tu.

Fundi_Viungo

Gegedu ikishalika hairudi vizuri, hilo ni kweli. Kwamba kukimbia ndiko kunakoila, hapo ushahidi haukuungi mkono. Mwaka 2017 yalichapishwa majumuisho ya tafiti nyingi kuhusu kusagika kwa nyonga na magoti. Wanaokimbia kwa afya na burudani walikuwa asilimia 3.5, wasiokimbia na wanaokaa tu asilimia 10.2, na wakimbiaji wa mashindano asilimia 13.3. Tusizidishe maana yake lakini, kwa sababu wenye magoti mabovu huacha kukimbia mapema, wakabaki wazima kwenye kundi la wakimbiaji. Inachoonyesha ni kwamba kukimbia kwa kiasi hakujathibitika kuwa ndiko kunakosaga goti. Uzito wa mwili na jeraha la zamani la goti ndivyo vya kuogopa zaidi. Mzee, uliwahi kuumia goti? Linavimba? Linakwama au linakulegea ghafla ukitembea?

MzeeWaTabata

Halijawahi kuumia, halivimbi, halikwami. Linauma mbele, kama nyuma ya kile kifuniko, nikishuka ngazi tu. Kupanda haliumi.

Fundi_Viungo

Basi tunaweza kuendelea. Goti linalovimba kesho yake, linalokwama au linalouma usiku ukiwa umelala, hilo lipelekwe likaonwe kabla ya kukimbia. Lako mara nyingi ni paja dhaifu: kushuka ngazi ni kazi ya misuli ya mbele ya paja kukushusha taratibu, ikishindwa mzigo wote unabebwa na kifuniko cha goti.

Sasa kipimo chako cha kila siku, ambacho ni muhimu kuliko uwiano wowote utakaoandikiwa humu. Maumivu yape namba, 0 hakuna, 10 huvumiliki. Wakati wa kukimbia, mpaka 3 endelea, mradi huchechemei. Ukianza kuchechemea, hata kama ni 2, tembea mpaka nyumbani. Jioni shuka ngazi uone goti. Asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani, sikiliza kisigino: kimekaza kiasi gani na kimelegea baada ya muda gani. Andika.

Asubuhi ndiyo hakimu. Kano iliyobebeshwa kupita uwezo haisemi wakati unakimbia, maana ikipata joto inanyamaza. Inasema baada ya usiku mzima wa kutulia. Kisigino kikilegea ndani ya dakika chache na hakijakaza kuliko asubuhi iliyotangulia, kiwango kilikuwa sawa. Kikizidi kuliko juzi, rudi hatua moja nyuma mara inayofuata, hata kama ulikimbia vizuri sana. Ukisikia mlio nyuma ya kisigino kama umepigwa teke na huwezi kusimama kwa vidole, hiyo ni kano imekatika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

MamaSaidi

Samahani kuingilia. Mzee wangu ana miaka 61, alikuwa anatembea na kukimbia vizuri tu. Alipewa siprofloksasini kwa maambukizi ya mkojo, siku ya nne visigino vyote viwili vikaanza kuuma, hata hajakimbia. Anasema ni raba.

Fundi_Viungo

Mama, raba haiumizi visigino viwili kwa mpigo kwa mtu ambaye hajakimbia. Dawa za kundi hilo zina onyo rasmi la kuumiza na hata kukata kano, hasa ya kisigino, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi kama prednisoloni. Asikimbie, asipande ngazi kwa vidole, na leo hii ampigie simu aliyemwandikia, aeleze visigino vyote viwili vinauma. Aliyeandika ndiye atakayeamua kubadilisha. Asimeze kidonge kingine kabla ya kuongea naye, ila asikae kimya nyumbani bila dawa, maana maambukizi nayo yapo. Na maumivu ya kano yanaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi, kwa hiyo asirudi kukimbia kwa sababu tu vidonge vimeisha.

Wengine humu pia, mkipewa dawa hiyo mwambieni daktari kwamba mnakimbia.

MzeeWaTabata

Mimi sijaitumia. Lakini nina diklofenaki nyumbani. Nikimeza kimoja kabla ya kutoka si itasaidia kisigino?

Kocha_wa_Karura

Usithubutu mzee. Umeambiwa maumivu ndiyo kipimo chako, halafu unataka kukizima kabla ya kupima? Utakimbia kwa furaha, asubuhi utalipa.

Fundi_Viungo

Na kuna figo. Dawa hizo zinapunguza damu inayoingia kwenye figo, na wewe unatoka jasho jingi kwenye unyevu wa Dar. Presha yako pia iko karibu na mpaka, na diklofenaki huipandisha. Kama unaona huwezi kukimbia bila kidonge, siku hiyo ni ya kutembea.

Rahma_Muscat

Huku kwetu kiangazi hakuna mtu anayekimbia nje, ni mashine ya ndani tu. Je, uwiano unabaki uleule?

Kocha_wa_Karura

Uleule, ila mashine ina ujanja wake. Ukibonyeza kutoka kilomita 5.5 kwa saa kwenda 7.5, mkanda unachukua sekunde kadhaa kufika. Kwa mikimbio ya sekunde 30 unapoteza sehemu kubwa. Bonyeza mapema, anza kuhesabu mkanda ukishafika. Na usishike vyuma vya pembeni, mwili unainama mbele na hatua zinaharibika. Mwinuko acha sifuri au 1, ukipandisha 5 unafanya mlima, na mlima ni kazi ya shavu na kano.

MzeeWaTabata

Nimerudi wakuu na daftari langu. Nilifuata 30 kwa 90 mara 10, Jumanne na Jumamosi. Wiki ya kwanza asubuhi kisigino kilikuwa 3, kikalegea baada ya kama robo saa. Wiki ya pili 2, dakika tano hivi. Wiki ya tatu Jumatano kilikuwa 1. Nikaona nimepona, Jumamosi hiyo nikaruka nikafanya 60 kwa 60 mara 10, tena niliikimbia kwa kasi kidogo maana kulikuwa na vijana wa kilabu cha jogingi. Jumapili kilikuwa 4 na nilichechemea mpaka mchana. Goti halikusema kitu. Je, nianze moja?

Fundi_Viungo

Huanzi moja. Daftari lako limeonyesha kitu kizuri: 3, 2, 1. Kano ilikuwa inakubali kiwango cha kwanza. Ulichofanya Jumamosi ni kubadilisha vitu vitatu pamoja. Kukimbia kumetoka dakika 5 hadi 10, yaani mara mbili. Kutembea katikati kumepungua kutoka sekunde 90 hadi 60. Na kasi imepanda. Sasa hata mimi siwezi kukuambia ni kipi kati ya vitatu kilichokuumiza, ingawa nikilazimishwa ningeweka dau kwenye kasi. Kano ya kisigino inahisi kasi kuliko inavyohisi dakika.

Fanya hivi. Jumanne usikimbie, tembea. Kisigino kikirudi 2 au chini, Jumamosi rudi 30 kwa 90 mara 10. Ikipita salama mara mbili, endelea: kata kutembea kwanza, 30 kwa 60 mara 14, ambayo ni dakika 7 za kukimbia ndani ya 21. Hapo kaa wiki mbili. Kisha 45 kwa 60 mara 12, dakika 9. Kisha 60 kwa 60 mara 11. Baada ya hapo 90 kwa 60 mara 9, dakika 13 na nusu. Kila kituo ni wiki mbili, yaani siku nne za kukimbia, na unapanda tu kama asubuhi zote nne hazikuzidi 2 na haziongezeki. Kituo kinaweza kukushika wiki nne. Hakuna mtihani.

Ukifika 60 kwa 60 bila kelele, hapo ndipo siku ya tatu ya kukimbia inaweza kuingia badala ya Alhamisi ya kutembea, lakini siku hiyo ya tatu ianze na 30 kwa 60. Usiongeze siku na uwiano ndani ya wiki moja.

Sehemu ya pili ni nguvu, na hapa ndipo wengi wa umri wako wanapotegea. Simama kwenye ngazi, vidole juu, kisigino hewani, shika ukuta. Panda kwa mguu mmoja, sekunde 3 kupanda, 3 kushuka. Hesabu kulia unapata ngapi kabla ya kushindwa, kisha kushoto. Lete namba.

MzeeWaTabata

Kulia 14. Kushoto 6, na ya sita nilidanganya kidogo kwa kukunja goti.

Fundi_Viungo

Basi jibu la kisigino cha kushoto umelipata mwenyewe. Shavu la kushoto lina chini ya nusu ya nguvu ya kulia. Likichoka, kano inabaki peke yake.

Siku za kukimbia, baada ya kukimbia au jioni yake, fanya kwa miguu miwili: seti 3 za mara 10, sekunde 3 juu, 3 chini, goti limenyooka, na kwa sasa usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Kisha seti 2 goti likiwa limekunjwa kidogo, maana kuna msuli wa ndani wa shavu unaofanya kazi zaidi goti likikunjwa, na huo ndio unaobeba mzigo mkubwa ukikimbia polepole. Ikiwa rahisi kwa wiki mbili, panda kwa miwili ushuke kwa mmoja. Baadaye mmoja tu. Baada ya hapo vaa begi mgongoni lenye kilo 5.

Kwa goti, kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika, keti tena ukijishusha kwa sekunde 4. Mara 10, seti 3. Kiti kikikushinda kwa urefu wake, weka mto juu. Maumivu mpaka 3 yanakubalika hapa pia.

Kocha_wa_Karura

Hapo mimi na fundi hatukubaliani kidogo. Wazee wangu nawafanyisha nguvu siku ambayo hawakimbii. Wakizifanya baada ya kukimbia, miguu imeshachoka, wanazifanya ovyo.

Fundi_Viungo

Hoja yako ina uzito. Yangu ni kwamba ukikimbia Jumanne na kupandisha visigino Jumatano, kano haipati siku hata moja ya kujijenga. Mwenye kano nzima afuate ya kocha, hakuna shida. Mwenye kano inayolalamika akusanye mzigo siku moja, apumzike siku mbili. Kama miguu imechoka, akimbie asubuhi, nguvu jioni.

Duma_wa_Kigamboni

Na raba? Maana hajasema anavaa nini. Mimi nanunua za mitumba Karume, zinadumu.

Kocha_wa_Karura

Mitumba si mbaya ukijua kuchagua, ila nyingi zinauzwa soli ya chini ikiwa nzuri na sponji ya katikati imekufa. Bonyeza sponji kwa kidole gumba pembeni. Ikiwa ngumu kama mbao au ina mikunjo mingi iliyolala, iache. Weka kiatu mezani ukiangalie kwa nyuma, kikiegemea upande mmoja, aliyekivaa amekuachia mwendo wake. Kwa kisigino kama cha mzee, soli iliyoinuka kidogo nyuma inasaidia zaidi kuliko ile bapa. Na iache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, miguu inavimba kwenye joto.

Njia nayo muhimu. Pembeni mwa lami pameinama kuelekea mtaroni. Ukienda upande mmoja tu, mguu mmoja unakimbia kwenye mteremko siku zote. Tafuta barabara ya vumbi iliyoshindiliwa au uwanja wa shule.

MzeeWaTabata

Nitaangalia hizo raba, zangu ni bapa kabisa. Swali la mwisho kwa leo. Huku mwisho wa safari, naacha kutembea katikati, au ndiyo nitakimbia hivi maisha?

Kocha_wa_Karura

Ukifika dakika 2 kwa 1 mara 8 umekwenda dakika 24, kilomita 2.7 hivi. Ongeza idadi polepole mpaka mara 15, dakika 45, kilomita 5 umeimaliza. Mimi ningekuacha hapo. Wengi wa kikundi changu wanamaliza kilomita 10 kwa 2 kwa 1 na kesho yake wanashuka ngazi bila kushika ukuta.

Fundi_Viungo

Mimi ningependa siku moja ajaribu dakika 5 kwa 1, tuone mguu unasemaje. Hakuna anayeweza kukuambia sasa kama kano yako itafika huko. Kuna wanaofika, kuna wanaobaki 2 kwa 1 na hawana tatizo lolote.

MzeeWaTabata

Sawa. Wiki ijayo nina safari ya kikazi Mbeya, siku kumi, sidhani kama nitakimbia. Nikirudi naendelea pale pale?

Fundi_Viungo

Ukikosa chini ya wiki moja, endelea palepale. Siku kumi, rudi kituo kimoja nyuma kwa siku mbili za kukimbia, halafu endelea. Wiki tatu au zaidi, rudi vituo viwili. Pumzi itakudanganya kwamba hujapoteza kitu. Visigino kwenye ngazi beba nayo huko Mbeya, ngazi ya hoteli inatosha, mara mbili kwa wiki. Na ukijaribu kukimbia kule ujue ni juu ya mita 1,600, mbio zilezile zitakukatia pumzi mapema. Punguza kasi, usipunguze kutembea.